Kijivu Kimoja, Majirani Wawili

Wachoraji wenzangu, na nyinyi vijana mlioanza kushika burashi mwaka huu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie rangi ya kijivu. Ningeweza kuwasomea kanuni zake, lakini kanuni za rangi hazikai kichwani mpaka mtu aone zikimtesa mwenziwe mbele ya ubao. Kwa hiyo nitawasimulia hadithi. Watu wake nimewatunga mimi. Mahali pake ni pa kweli, na kila kinachotokea kwenye rangi zao mnaweza kukifanya wenyewe na kitatokea vilevile.

Mwanagenzi wetu tumwite Rehema. Anajifunza kwa mzee mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, ambaye mtaa mzima unamwita Maalim. Karakana yao iko ghorofa ya juu, upande wa Malindi, na ina madirisha mawili yanayotazamana: moja la kaskazini, moja la kusini. Nayataja madirisha kwa sababu ukiikosa nuru, hadithi yote hii haifanyi kazi. Wachoraji wa Ulaya hufundishana kufungua dirisha la kaskazini, kwa kuwa kwao jua la mchana haliingii upande huo, na nuru inayoingia hubaki tulivu kutwa nzima. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini yetu. Miezi iliyobaki liko kusini. Mchoraji wa Unguja anayefuata fundisho la Ulaya bila kulipima ataletewa jua kwenye turubai yake zaidi ya nusu ya mwaka. Maalim alikuwa akibadilisha: masika hufunga la kaskazini na kufanya kazi kwa nuru ya kusini, na ikifika vuli huzigeuza meza zote.

Hadithi inaanza katikati ya masika. Mfanyabiashara mmoja ametaka picha ya sebuleni: jahazi limefunga nanga karibu na ukuta wa zamani, asubuhi ya mawingu. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, chokaa imezeeka. Juu yake paa la bati lililoshika kutu, jekundu la kahawia. Chini, ngazi za mawe zinazoteremka majini, na ubavuni mwa jahazi mkanda mpana wa buluu. Ukiondoa kutu na buluu hiyo, karibu picha nzima ni kijivu.

Siku ya mawingu ni ngumu kuichora kuliko siku ya jua. Jua likiwaka, vivuli vinakutenganishia vitu: huku mwanga, huku giza, na hata mwanagenzi anaona pa kukata. Mawingu yakitanda, ukuta, maji na mbingu hukaribiana mno kwa mwanga, na kinachobaki kuvitenganisha ni kimoja tu: hiki kinaegemea joto, kile kinaegemea baridi. Tunaposema joto tunamaanisha kuelekea njano, chungwa na nyekundu. Baridi ni kuelekea buluu.

Maalim akiwa anatoka kwenda msikitini adhuhuri akamwambia, "Mwanangu, nichanganyie kijivu cha ukuta. Nikirudi nikute umeshakianza."

Rehema akafanya ambavyo wengi wetu tungefanya. Akachukua nyeupe ya titani na nyeusi ya mifupa. Nyeusi hiyo ni mkaa wa mifupa iliyochomwa bila hewa, ikasagwa unga na kutiwa mafuta ya kitani. Akaweka kama vipimo kumi vya nyeupe kwa kimoja cha nyeusi, akachanganya kwa kisu juu ya kigae cheupe mpaka michirizi yote ikapotea. Kikatoka kijivu safi, kisicho na upande. Akakijaza kwenye kikopo, maana ukuta ni mkubwa, akachukua burashi bapa na kuanza chini ya paa la kutu.

Alipopiga mkupuo wa tatu alisimama. Ukuta ulikuwa umegeuka samawati.

Akatazama kwenye kikopo: kijivu. Akatazama ukutani: samawati. Akaona labda burashi ina masalia ya rangi ya jana. Akaiosha kwa tapentaini, akaikausha kwa kitambaa, akarudia. Samawati vilevile. Akaona basi kosa ni wepesi wa rangi, akaongeza nyeusi kidogo. Ukuta ukazidi giza na ukabaki na ubuluu wake. Akaongeza nyeupe; ukang'aa na ukabaki na ubuluu wake.

Hapa nataka tusimame naye kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi ninaowafundisha hupoteza siku nzima. Kila rangi ina mambo mawili yanayokwenda njia mbali: ni nyepesi au nzito kiasi gani, na inaegemea wapi. Nyeupe na nyeusi zinasogeza la kwanza. La pili huwezi kulirekebisha kwa hizo hata ukimaliza mirija yote dukani. Na dalili ya kwamba umeingia mtego huu ni hii: rangi yako inaongezeka wingi kwenye kigae, umeshabadilisha mara kadhaa, lakini kinachokukera machoni ni kilekile.

Rehema alikuwa hodari, akang'amua kwamba anahitaji joto. Akawaza, joto ni njano. Akatia njano kidogo kwenye kijivu chake. Kikawa kijani. Si kijani cha jani, ni kile kijani kichafu cha maji yaliyosimama, na mchoraji yeyote aliyewahi kutia njano kwenye nyeusi anakijua. Nyeusi zetu nyingi zikipunguzwa kwa nyeupe hufanya kazi ya buluu dhaifu, na buluu dhaifu ikikutana na njano inafanya wanachofanya buluu na njano siku zote. Kuna wachoraji waliolitumia jambo hili kwa makusudi. Mswidi Anders Zorn, aliyefariki mwaka 1920, anajulikana kwa picha zilizosimama juu ya rangi nne: nyeupe, nyeusi, udongo wa njano na nyekundu. Buluu haimo katika hizo nne, na bado macho yanaona ubuluu katika vijivu vyake, kwa kuwa nyeusi na nyeupe zimezungukwa na rangi za moto.

Rehema akakikwangua kile cha kijani chote, akarudi kwenye kikopo cha mwanzo ambacho hakikuguswa. Ili asikae bure akaona aendelee na ngazi za chini, zilizo kando ya ule mkanda wa buluu wa jahazi. Rangi ileile, kikopo kilekile, burashi ileile iliyooshwa. Akapiga mikupuo miwili. Ngazi zikawa za kahawia. Zilikuwa na utope, kama wa mawe yaliyokaukiwa na maji ya mvua.

Maalim aliporudi alimkuta amekaa, amekiweka kikopo mbele yake, anakitazama.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Mbona umeacha kazi?"

"Maalim, rangi hii imeharibika. Juu inakuwa buluu, chini inakuwa tope. Labda mafuta yake mabaya."

Maalim hakujibu. Akatafuta karatasi ngumu nyeupe, ile ya mafaili, akaitoboa matundu mawili madogo, kila moja halizidi ukucha. Alipima kwanza kwa macho, ili tundu moja liangukie ukutani na jingine liangukie kwenye ngazi. Akaiegemeza karatasi juu ya picha, ikafunika kila kitu ila vipande viwili vya kijivu.

"Haya, nieleze. Kipi buluu, kipi tope?"

Rehema akasogea, akarudi nyuma. Vilikuwa kitu kimoja. Akamwomba Maalim aiondoe karatasi: ukuta ukarudi kuwa samawati, ngazi zikarudi kuwa tope. Akaomba airudishe: kitu kimoja. Alirudia hivyo mpaka Maalim akachoka mkono, na kila mara jicho lake lilidanganyika upya, ingawa alikwishajua.

Hilo nalisisitiza. Kujua hakumponyi mtu. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na kijivu kando ya kutu bado nakiona kina buluu, kwa sababu jicho halikutengenezwa kupima rangi moja peke yake. Linapima tofauti kati ya kitu na kilicho kando yake, kisha linaizidisha tofauti hiyo. Kando ya chungwa, kijivu kinasukumwa kwenda upande wa pili wa chungwa, na huko ni kwenye buluu. Kando ya buluu kinasukumwa kuelekea chungwa, na chungwa hafifu machoni petu ni kahawia.

Aliyelichunguza jambo hili kwa utaratibu hakuwa mchoraji. Alikuwa mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, mtu aliyepata jina kwanza kwa kuchunguza mafuta ya wanyama na sabuni. Mwaka 1824 alikabidhiwa idara ya kutia rangi nyuzi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Akaletewa malalamiko: nyuzi nyeusi zinazotumika kwenye vivuli vya nguo za buluu na zambarau ni dhaifu, hazina nguvu ya weusi. Chevreul akazilinganisha na sufu nyeusi za karakana nyingine zenye sifa, asione upungufu wowote katika rangi. Weusi ulikuwa salama. Tatizo lilikuwa majirani zake, ile buluu na zambarau. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na wachoraji wa Ufaransa wakayafanyia kazi kwa vizazi viwili vilivyofuata. Ninachokipenda mimi katika habari hii ni kwamba wafumaji wa Gobelins na Rehema walisema neno lilelile: rangi imeharibika. Waliliona jambo sawasawa, wakakosea tu pa kulitafuta.

Turudi karakanani. Maalim alitaka Rehema ajue pia ni wakati gani mchezo huu unapata nguvu. Akachukua kipande cha ubao chenye rangi ya msingi nyeupe, akapaka maeneo mawili makubwa, moja la rangi ya kutu na moja la buluu, na katikati ya kila moja akaweka tone la kijivu cha kikopo. Mara ya kwanza kutu aliifanya nzito sana, karibu na kahawa. Hapo kijivu kilionekana kimepata weupe zaidi ya kupata ubuluu. Ubuluu wake ulikuwepo lakini mchache. Kisha akaipunguza kutu kwa nyeupe, taratibu, mpaka uzito wake ukalingana na wa kijivu.

"Finya macho," akamwambia. "Ukifinya mpaka ukaona mpaka kati yao unapotea, ujue vimelingana."

Mpaka ulipopotea, Rehema akafumbua macho, na ubuluu ukamrukia. Kijivu kinapokuwa kidogo, kimegusana na jirani yake, na wamelingana kwa mwanga, hapo ndipo kinaazima rangi kwa nguvu zote. Ukikitenga kwa mstari mweusi au mweupe, hata mwembamba, nguvu inapungua. Ndiyo maana kijivu juu ya kigae cheupe kilimdanganya Rehema: pale jirani yake alikuwa weupe mtupu, mwangavu kuliko yeye mara nyingi, na alichoweza kumfanyia ni kumwonyesha mzito tu. Na ndiyo maana siku ya mawingu ni ngumu, kwa kuwa vitu vyote vimelingana kwa mwanga, na kila kimoja kinamvuta mwenziwe.

"Basi Maalim," akasema Rehema, "rangi yangu haina kosa. Kosa la jicho."

"Nusu," akasema Maalim.

Akafungua mirija miwili: buluu ya altramarini, na siena iliyochomwa, yaani udongo wenye kutu ya chuma uliotiwa motoni mpaka ukawa rangi ya tofali. Akachanganya kiasi kinacholingana cha hivi viwili pembeni mwa kigae. Pakatokea weusi. Zote mbili ni rangi zinazopitisha nuru, kwa hiyo zikirundikana huwezi kujua rundo linaegemea wapi. Linaonekana jeusi tu. Mchoraji asiye na subira hulitia nyeupe lote palepale, kisha akaanza kuhangaika. Maalim alichovya ncha ya kisu, akaivuta kwenye nyeupe kidogo kando, akauangalia ule mfutiko. Ulikuwa na ubuluu, maana altramarini ya mrija ule ilikuwa na nguvu kuliko siena. Akarudi kwenye rundo jeusi, akaongeza siena ya kiasi cha punje ya mchele, akavuta tena kwenye nyeupe. Na tena. Kila kampuni ina nguvu zake, kwa hiyo kipimo chake hakitakufaa wewe. Linalofaa ni kufuata utaratibu wake wa kurekebisha rundo likiwa bado jeusi na dogo, na kulipimia kwenye nyeupe.

Kwa njia hiyo alitoa marundo matatu ya kijivu yenye uzito uleule mmoja: moja la baridi, moja la katikati, moja la joto. Akayapanga kwenye mstari, akaweka karatasi ya matundu juu yake.

"Sasa je?"

Safari hii karatasi haikuyafanya kuwa kitu kimoja. Hata ndani ya matundu, na majirani wote wamefunikwa, la kwanza lilikuwa baridi na la tatu lilikuwa joto. Rehema akaelewa nusu ya pili. Kijivu kina mwegemeo wake mwenyewe, uliotokana na vilivyomo ndani yake, na kina mwegemeo wa kuazima, unaotokana na kilicho kando. Karatasi inakutenganishia: kinachobaki ndani ya tundu ni chake, kinachopotea kilikuwa cha jirani. Machoni pa mtazamaji wa sebuleni vinafika vimeshajumlishwa.

Hapo hesabu ya ukuta ikawa wazi. Paa la kutu linausukuma ukuta kwenye baridi. Basi ukuta lazima uchanganywe wenye joto kuliko unavyotaka uonekane. Rehema alichukua rundo la joto na bado akaliongezea siena, mpaka kwenye kigae likaonekana limepita mpaka, karibu na mchanga wa pwani. Moyo ulimkataza kulipaka. Akapaka tone moja tu, mahali linapogusana na kutu upande mmoja na mbingu upande wa pili. Mchanga ukatoweka, chokaa ikatokea. Ilikuwa ile chokaa kuukuu, yenye joto kidogo tu, kama inavyoonekana ukiutazama ukuta wenyewe asubuhi ya mvua.

Na kile kikopo alichotaka kukimwaga? Kwenye ngazi kilibaki kama kilivyo. Mkanda wa buluu wa jahazi ulikuwa unakipa ukahawia wa mawe yaliyolowa bila kuongezwa chochote, akaukubali. Halafu akakitumia pia kwenye kivuli chembamba chini ya ukingo wa paa, akikizidisha nyeusi kidogo, kwa sababu pale baridi ndiyo iliyotakiwa. Kikopo kimoja kilimpa jiwe lenye joto na kivuli chenye baridi katika picha ileile.

Kuna jambo la tatu. Nyuma ya jahazi kulikuwa na nyumba ya mbali, inayoonekana kwa shida kupitia manyunyu. Siku iliyotangulia Maalim alikuwa ameipaka nyumba hiyo kwa udongo wa kahawia mzito, wa jamii ya amba, ambao una manganizi na kwa hiyo hukauka upesi kuliko rangi nyingi za mafuta. Aliugusa kwa kidole, haukunata. Akamwambia Rehema achukue kijivu cha katikati, kile kisicho na upande, aifute burashi mpaka iwe karibu kavu, kisha aiburute juu ya kahawia kwa wepesi, rangi ishike utando tu.

Nyumba ikageuka buluu. Rehema akageuka kumtazama Maalim, kisha akatafuta jirani wa kulaumu. Hakuwepo. Kando ya nyumba kulikuwa na mbingu tupu. Akaweka karatasi ya matundu: buluu ikabaki.

Hii si kazi ya jicho wala ya siena. Chembe za nyeupe ya titani ni ndogo mno, na zikitandazwa utando mwembamba hutawanya nuru ya buluu zaidi kuliko nuru nyekundu. Nuru nyekundu hupenya, ikafika kwenye kahawia nzito iliyo chini na kumezwa huko. Inayorudi machoni ni ile iliyotawanywa, na nyingi yake ni buluu. Mmekwisha kuliona hili kwa moshi wa kuni: ukipita mbele ya mti wa mwembe wenye kivuli kizito unaonekana wa buluu, ukipanda mpaka ukawa mbele ya mbingu nyeupe unakuwa wa kahawia, na moshi ni uleule. Kwa hiyo kijivu cha kikopo kimoja, kikipakwa kinene kinasema rangi yake, kikipakwa chembamba juu ya giza kinakwenda baridi. Rangi nzito ya kahawia inayopitisha nuru ikipakwa nyembamba juu ya weupe, nayo huenda joto.

Njia hii ina sharti moja lisilokwepeka, safu ya chini iwe imekauka. Ikiwa mbichi, burashi inaikoroga, chembe zinazama ndani ya kahawia, na badala ya umbali unapata tope. Utajua mapema: ukiona burashi yako inarudi na kahawia nchani, acha palepale, subiri kesho. Ukiendelea kupapasa hutaokoa chochote. Na usiupake utando mara mbili mahali pamoja ukitarajia buluu mara mbili. Ukinenepa tu, buluu inaondoka na kijivu cha kawaida kinarudi.

Jioni Maalim alimwonyesha jambo la mwisho, na mimi nalipitia kwa ufupi. Alimfanya achanganye vijivu viwili vya kufanana: kimoja cha altramarini na siena, kingine cha nyeusi, nyeupe na chembe ya kahawia, akavilinganisha dirishani mpaka Rehema akaapa ni kimoja. Kisha wakafunga dirisha na kuwasha taa ya balbu ya manjano. Vikaachana, kimoja kikaonekana na wekundu ambao mwenziwe hakuwa nao. Vijivu viwili vyaweza kulingana chini ya nuru moja na kukosana chini ya nyingine, ikiwa vimetengenezwa kwa viungo tofauti. Kwa sababu hiyo Maalim alikuwa na desturi ya kumuuliza mteja, kabla ya kuanza, sebule yake ina taa gani na picha itatundikwa ukuta wa rangi gani. Ukuta wa sebule nao ni jirani. Kwa mfanyabiashara huyu ukuta ulikuwa wa krimu, taa za manjano, akaambiwa picha itaonekana na joto zaidi usiku kuliko alivyoiona karakanani, akaridhika.

Siku ya pili Rehema alibadilisha namna yake ya kufanya kazi, na Maalim hakumwambia. Hakuchanganya tena kikopo kizima kwanza. Alichanganya kidogo, akaweka tone moja kwenye picha mahali ambapo kijivu kitagusana na majirani wake wote, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafinya macho kupima uzito, akayafumbua kupima mwegemeo. Tone likikubali ndipo alichanganya la kutosha. Likikataa alilikwangua kwa kisu, na karatasi ya matundu ilikuwa shingoni kwake kwa uzi, aulize kila mara: hiki ni chake au cha kuazima? Kazi ya ukuta iliyomshinda mchana mzima aliimaliza kabla ya saa sita.

Sasa, kwenye meza zile nyuma yenu kuna mbao zenye msingi mweupe, karatasi ngumu, nyeupe ya titani, nyeusi ya mifupa, altramarini na siena. Pakeni kwanza eneo la kutu na eneo la buluu, mzilinganishe uzito kwa kufinya macho, muweke kijivu kilekile kimoja cha nyeusi na nyeupe katikati ya kila moja. Siena msiitie kwenye kijivu mpaka mmekwisha kuviangalia vyote viwili, kwa karatasi na bila karatasi. Matundu yasizidi ukucha. Nitapita meza hadi meza, na wenye viti karibu na madirisha naomba mvute pazia la upande wa jua.